Sindano Juu ya Msumeno

Siku za mwanzo za kujifunza useremala katika karakana ya mjomba wangu huko Tanga, alinipa ubao wa mninga akaniagiza niupasue kwa urefu, nikifuata mstari wa penseli. Ukutani ilikuwa imetundikwa misumeno mitano. Mitatu ilijitambulisha yenyewe: wa kukatia chuma ulikuwa na fremu na utepe mwembamba wenye tundu kila ncha, wa kukatia mapindo ulikuwa na upinde mpana ulioshika ukanda mwembamba, ambao meno yake yalielekea mpini, wa kukatia ndimi za kuungia mbao ulikuwa mfupi, wenye uti wa shaba mgongoni ili bamba lisipinde. Miwili iliyobaki ilikuwa na bamba refu la inchi 26 na mpini wa mbao, nami nikaiona kuwa ni mapacha. Nikachukua uliokuwa karibu.

Nusu saa baadaye nilikuwa nimekwenda kama shubiri moja tu, unga ukitoka laini kama wa sembe, na mkono ukiuma. Mjomba hakunigombeza. Aliugeuza msumeno meno juu, akalaza sindano ya kushonea kwenye meno karibu na mpini, kisha akauinamisha. Sindano iliteleza katikati ya safu mbili za meno hadi ikafika mwisho.

"Umeona mfereji huo, mwanangu? Huu ni wa kukata mkingamo."

Akanieleza kwamba kila jino limenolewa kwa mshazari, ncha ikabaki upande wa nje, moja kulia na linalofuata kushoto, hivyo hukata nyuzi za mbao kwa mistari miwili kama visu viwili. Kwenye msumeno wa pili sindano haikuteleza, kwa kuwa kila jino lilikuwa limenolewa moja kwa moja, likawa na makali bapa kama patasi ndogo, na uso wake wa mbele ulisimama karibu wima badala ya kulala nyuma. Huo ndio wa kupasulia. Nilihesabu ncha tano katika inchi moja. Kwenye ule wa kwanza zilikuwa nane. Hata hivyo alinikataza kutegemea hesabu peke yake, kwa sababu fundi anaweza kuunoa msumeno wa meno madogo kwa namna ya kupasulia, na msumeno ulio butu nao huidanganya sindano.

Ubao ule niliumaliza kwa msumeno wa pili, ukimwaga chembe nene. Jioni nikajaribu sindano kwenye ule wenye uti wa shaba, ikakataa kuteleza. Nilidhani meno yake madogo ndiyo sababu, mpaka mjomba aliponiwekea jino moja mwangani: lilikuwa limenolewa moja kwa moja, kwani mashavu ya ulimi hukatwa kwa kufuata nyuzi.