Nilivyomsaidia mwanangu na rangi za Kiswahili

Mwanangu yuko darasa la tatu, wiki iliyopita karudi na daftari limejaa mikasi, kaandika "viatu vijani" na "shati nyeusi". Nikamuuliza vijani umeitoa wapi, akaniambia mama si kitabu vitabu, kijani vijani? Nikanyamaza kwanza maana alikuwa amefikiri vizuri kabisa, ile ki ya kijani inafanana kweli na ki ya kitabu.

Mwanzo nilimwambia akariri tu, haikusaidia. Kesho yake nikamtoa uani, nikachuma jani la mpera nikamwekea mkononi, nikachota majivu jikoni, nikatoa kopo la kahawa na pakti ya manjano ile tunayotia kwenye pilau. Nikamwambia hizi rangi zimeazima majina kwa vitu, kijani ni ya jani, kijivu ni ya jivu, kahawia ni ya kahawa, na manjano (wengi tunaikata tunasema njano) ndo hii hii bizari. Jina la kuazima halibadiliki, linalobadilika ni kale kaneno ka mbele yake: kiatu cha kijani, viatu vya kijani, shati la kijani, mlango wa kijani. Akauliza zambarau je, nikamwambia si unazila kila msimu, gauni la zambarau basi. Bluu na pinki hazina kitu cha kushika, tumezichukua kwa Kiingereza, ila zinafuata njia hiyo hiyo.

Zinazogeuka ni tatu tu, -eusi, -eupe na -ekundu. Hapo tukazunguka nyumba nzima: kiatu cheusi viatu vyeusi, mlango mweusi milango myeusi, daftari jekundu madaftari mekundu, ukuta mweupe kuta nyeupe. Kwenye kuta akakwama, alisema "kuta weupe" mara tatu, nikamrudisha kwenye nyumba nyeupe, ndo akaunganisha kwamba kuta zinaenda na zile za nyumba.

Sasa ile "shati nyeusi" ndo ilinichukua muda, na watu wazima wengi tu wanaisema kila siku. Nyeusi tunaizoea kwa sababu ya "rangi nyeusi", mtoto anadhani hilo ndo jina la rangi kumbe pale imelifuata neno rangi. Kwa hiyo shati la rangi nyeusi ni sawa, viatu vya rangi nyeusi ni sawa, lakini ukilitoa neno rangi inabidi ufuate shati lenyewe, shati jeusi. Nikamwambia akisita ajiulize, nyeusi yangu inamfuata nani hapa?

Jana kaniletea sentensi kumi, tisa sahihi. Moja kaandika "mashati ya kijani mabichi", hapo nikamweleza kibichi kinashikamana na kijani, sio na mashati, inabaki mashati ya kijani kibichi.