Siku 10 za gari la kukodi: jinsi nilivyozihesabu na kampuni ya bima

Gari langu, Toyota Fielder, liligongwa kwa nyuma na pikapu karibu na Kisian nilipokuwa nikirudi Kisumu kutoka kazini Maseno. Bampa liliingia ndani na mlango wa buti ukabonyea, lakini taa zote ziliwaka na gari liliendelea kutembea bila tatizo. Nina bima kubwa, na katika bima hiyo nilikuwa nimeongeza kipengele cha fidia ya kukosa matumizi ya gari, ambacho nilikilipia shilingi 3,000 zaidi kwa mwaka. Kipengele hicho kiliahidi shilingi 3,000 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, gari linapokuwa gereji kwa sababu ya ajali inayolipiwa na bima yenyewe.

Watu wengi huangalia kiasi cha fedha na kusahau kuuliza siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini. Kati ya ajali na siku ambayo fundi anashika nyundo kuna kazi nyingi ya karatasi: kuripoti polisi na kusubiri abstrakti, kujaza fomu ya madai, kupeleka nakala za leseni na logibuku, kisha kungoja asesa akague gari na kampuni itoe idhini ya matengenezo. Kama siku zingehesabiwa tangu ajali, zangu zingekwisha kabla rangi haijapakwa. Kwa hiyo nilimwandikia wakala wangu barua pepe, nikamwomba anijibu kwa maandishi, kwa sababu jibu la simu halina msaada wowote hesabu zinapokuja kugombaniwa. Jibu lilisema kwamba, kwa mkataba wangu, siku zinaanza gari linapopokewa na gereji iliyoidhinishwa likiwa na idhini ya kampuni, na zinakoma matengenezo yanapokamilika au siku ya 10 inapofika, lolote litakalotangulia. Mikataba mingine ina siku za mwanzo ambazo hazilipwi kabisa. Wangu haukuwa nazo, lakini hilo nalo nilitaka lisemwe waziwazi katika barua ileile.

Jibu hilo ndilo lililoniongoza. Kwa kuwa gari lilikuwa linatembea, na askari aliyelikagua hakuona sababu ya kulizuia, sikuliacha gereji. Nililipeleka asubuhi moja tu kwa ajili ya asesa, na nikamwomba mwenye gereji afungue bampa asesa akiwa hapohapo. Asesa alisita kidogo, akasema, "Mwalimu, hasara ya ndani tutaiona wakati wa kazi." Nilimweleza kwamba hasara inayogunduliwa gari likiwa limeshafunguliwa huhitaji makadirio ya nyongeza na idhini mpya, na fundi hukaa bila kugusa kitu siku zangu zikiendelea kuhesabiwa. Alikubali. Nyuma ya bampa tulikuta bati la sakafu ya buti limejikunja, nalo likaingia katika ripoti yake ya kwanza. Ripoti hiyo ilitaja pia muda wa kazi: siku 9. Idadi hiyo ni muhimu sana, kwa sababu kila mtu atakayeulizwa baadaye kuhusu muda unaofaa ataanzia hapo.

Idhini ilipotoka, bado nilisubiri nikiendelea kuliendesha, hadi mwenye gereji aliponipigia kwamba vipuri vimefika kutoka Nairobi. Siku hiyo ndipo nilipokabidhi gari na kukodi jingine. Kampuni ilikuwa imenipa chaguo la kuletewa gari na mkandarasi wake, lakini lingetoka mbali, lingehitaji amana, na nisingeruhusiwa kulitoa nje ya mji. Nikachagua kulipwa fedha. Nilikodi gari la daraja la langu, wala si kubwa zaidi, kwa shilingi 4,000 kwa siku, nikatia saini mkataba wenye tarehe na kupewa risiti ya eTIMS. Mafuta yalikuwa yangu, kwa kuwa hata gari langu lingekunywa mafuta.

Matengenezo yalichukua siku 14. Mlango wa buti ulioletwa ulikuwa wa toleo jingine la Fielder na ulikosa kukaa, ukarudishwa, na kazi ikasimama kwa siku 2. Siku nyingine 2 zilipotea kwa sababu rangi ilihitaji kurudiwa baada ya mvua. Bili ya kukodi ilifika shilingi 56,000, na kampuni yangu ililipa 30,000, kama mkataba ulivyosema.

Hapa ndipo wengi huishia, nami sikuona haki yoyote ya kuishia hapo, kwa kuwa kosa halikuwa langu. Bima yangu ilikuwa imelipia matengenezo na ilikuwa na haki ya kuzidai gharama zake kutoka upande wa pikapu. Lakini ekses niliyoilipa gereji, ile sehemu ya gharama ya matengenezo ambayo mwenye bima hujilipia mwenyewe, na sehemu ya kukodi isiyolipwa, yaani shilingi 26,000, vilibaki kuwa madai yangu mwenyewe. Niliandika barua kwa mwenye pikapu, kwa sababu kisheria yeye ndiye mdaiwa, na nakala nikaipeleka kwa kampuni yake ya bima. Kabla ya kuchukua gari gereji nilisoma kwa makini hati ya kuridhika na kuondoa madai, nikaomba iongezwe sentensi kwamba haihusu ekses wala gharama za kukodi. Hati iliyotiwa saini bila sentensi hiyo inaweza kutumiwa baadaye kudai kwamba umeshalipwa kila kitu.

Kampuni ya mwenye pikapu ilijibu kwanza kwamba kuna matatu kati ya Kisumu na Maseno. Nilieleza kwamba mama yangu mzazi, asiyeweza kupanda matatu, nampeleka kliniki kwa gari hilo, nikaambatisha kadi yake ya miadi. Mahakama za Kenya huichukulia gharama ya namna hii kuwa hasara maalumu: ni lazima itajwe waziwazi katika madai na ithibitishwe kwa nyaraka, na hulipwa kwa muda unaofaa wa matengenezo tu. Nilitaja hilo katika barua, pamoja na kwamba dai la kiasi hiki linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000.

Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya haki kuliko nilivyotarajia. Walikubali tofauti ya shilingi 1,000 kwa kila moja ya zile siku 10, yaani 10,000. Walikubali pia siku 2 za rangi, shilingi 8,000, kwa kuwa mvua haina wa kulaumiwa na ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Walizikataa siku 2 za kipuri kisicho sahihi, wakisema hilo ni kosa la gereji, na sikuweza kuwapinga. Ekses yangu walirudisha yote.

Nilimrudia mwenye gereji na rekodi ya tarehe. Alisema, "Mwalimu, kipuri nilikiagiza mimi, lakini duka lilikosea namba." Tukaelewana alipe siku moja, shilingi 4,000, nami nikabeba nyingine. Bima ilipofika wakati wa kuhuishwa, nilimwomba wakala bei ya kipengele cha siku 20, na kabla ya kulipa nikamtaka aandike tena siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini.