Siku moja maishani mwangu: chukudu, mwinamo na eneo

Saa kumi na mbili asubuhi. Naamka Ndosho, hapa Goma, naweka chai motoni na kutandaza daftari mezani. Kesho kutwa wanafunzi wangu wana mtihani wa fizikia, na leo lazima nimalize swali la grafu za mwendo. Karatasi itaandikwa kwa Kifaransa, lakini mimi swali nalifikiria kwanza kwa Kiswahili.

Nimechagua chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, inayoshuka kutoka Kibumba na mzigo wa kabichi. Nachora grafu ya kasi dhidi ya muda: inaanza 0, inapanda hadi 6 m/s kwa sekunde 4, inakaa hapo sekunde 5, kisha mwendeshaji anafunga breki na kusimama ndani ya sekunde 3.

Saa mbili niko shuleni. Kabla ya somo namwonyesha mwalimu wa hesabu. Anatazama kimya, halafu ananiuliza, "Mwalimu, mtoto akichukua 6 akagawa kwa 4, umemkamataje?"

Hapo nilikuwa sijaona. Mwinamo ni badiliko la kasi kugawa kwa badiliko la muda, lakini kuna wanafunzi wengi wanaosoma nukta moja tu, kasi kugawa kwa muda. Mstari ukianzia sifuri, njia zote mbili zinatoa 1.5, na mimi nampa pointi mtu asiyejua mwinamo ni nini. Nafuta. Sasa chukudu inaanza tayari ikiwa na 2 m/s. Jibu sahihi ni (6 − 2) / 4 = 1 m/s². Anayegawa 6 kwa 4 bado atapata 1.5, na kosa lake litaonekana lenyewe.

Saa nne, darasani. Nachora grafu ubaoni bila kusema ni ya nini hasa, nauliza chukudu inafanya nini mwanzoni. Msichana wa safu ya pili anajibu, "Inapanda mlima." Na pale mstari ulipolala? "Imesimama." Majibu hayo mawili ndiyo ninayoyahofia kila mwaka. La kwanza linaisoma grafu kama picha ya barabara. La pili linaisoma kama grafu ya mahali, ambako mstari uliolala kweli ni kusimama. Ndiyo maana nasema mwinamo wa grafu, na neno mteremko naliachia barabara: chukudu hii inashuka mteremko huku mstari wake unapanda. Naongeza kipengele: eleza mwendo kati ya sekunde 4 na 9. Anayeandika kwamba kasi haibadiliki anapata pointi 1. Anayeandika kwamba imesimama hapati kitu.

Saa saba mchana, fotokopi. Nakala ya kwanza imemeza mistari myembamba ya miraba, kimebaki kijiti cha grafu kinachoelea. Narudia kwa kalamu nyeusi na kuhakikisha kila kona ya grafu inaangukia penye makutano ya mistari, ili nisibishane na mtu kuhusu 5.8 au 6.1. Mraba mmoja ni sekunde 1 kwa ulalo, lakini 2 m/s kwa wima. Kwa makusudi: anayehesabu miraba bila kusoma kipimo atapata umbali wa 27.5, nusu ya jibu.

Saa tisa hadi kumi na moja naandika mwongozo wa masahihisho, na hapa ndipo siku inapokwisha. Umbali ni eneo chini ya mstari. Sehemu ya kwanza ni trapeza, (2 + 6) / 2 × 4 = 16; ya pili ni mstatili, 6 × 5 = 30; ya tatu ni pembetatu, 6 × 3 / 2 = 9. Jumla 55 m. Nagawa pointi 4: moja kwa kutumia eneo, moja kwa 16, moja kwa 30 na 9, moja kwa jumla yenye kipimo chake. Anayekata trapeza kuwa mstatili 8 na pembetatu 8 anapata sawasawa na mwenzake. Anayezidisha 6 × 12 akapata 72 hajasoma umbo, hapati hata ile ya eneo.

Saa moja usiku nampa mpwa wangu ajaribu. Anaandika 51.

"Mjomba, nimekosea wapi?"

Sehemu ya kwanza ameifanya pembetatu, 12 badala ya 16, amesahau kwamba chukudu haikuanzia sifuri. Mengine yote yako sawa, na jumla ameijumlisha vizuri kutoka kwa hiyo 12. Naona mwongozo wangu ungemnyang'anya pointi mbili kwa kosa moja. Naongeza mstari: jumla itokanayo na namba zake mwenyewe ipewe pointi yake. Sasa ana 3 kati ya 4.