Nilivyowapa wanafunzi kibendera mpaka wakaanza kuiona ofsaidi

Nafundisha skuli moja hapa Malindi, na kipindi cha michezo cha Gredi 8 ni changu. Ukiwauliza ofsaidi ni nini watakujibu wote pamoja, "straika amempita beki wa mwisho!" Hapo kwanza kuna kosa, manake anayehesabiwa ni mtu wa pili kutoka mwisho, na golikipa pia ni mtu, lakini hilo nililirekebisha siku moja tu. Kazi ilikuwa kuwafanya waione mpira ukiwa unatembea.

Nikaamua wawe marefa wenyewe kwa wenyewe. Tunachukua nusu ya kiwanja na goli moja, washambuliaji sita, mabeki watano na golikipa, refa mmoja na laisimani mmoja wa kibendera (kipande cha leso kuukuu tumekifunga kwenye fito). Waliobaki wanakaa pembeni, kila mmoja ana karatasi anaandika angeamua vipi yeye. Baada ya dakika nane tunabadilishana.

Wiki mbili za mwanzo vibendera vilikuwa vinapanda ovyo. Kuna msichana mmoja, makini sana, alipandisha kibendera goli likakataliwa na timu yote ikamzunguka. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mstari wake na nimeona, lile goli lilikuwa halali. Nikamuuliza, "Mwanangu, umeona nini?" Akaniambia, "Mwalimu, alipopokea alikuwa peke yake kabisa, beki yuko nyuma yake." Na ni kweli alikuwa peke yake! Lakini alipopokea. Pasi ilipopigwa alikuwa sawasawa na beki, na kuwa sawa si kuotea. Mpira ukiwa njiani straika amekimbia mbele, beki naye ametoka kupanda juu, kwa hivyo ndani ya sekunde moja nafasi kati yao ishakuwa hatua nne tano. Laisimani alikuwa anaufuata mpira kwa macho, akigeuka anaikuta picha ya mwisho, ile ya kwanza ishapotea.

Basi nikafanya mambo mawili. La kwanza, nikipiga filimbi pasi inapotoka mguuni, wote wanaganda walipo, hata aliyenyanyua mguu. Laisimani anaangalia, anatamka "sawa" au "ameotea", halafu tunapima kwa kamba kutoka kwa straika mpaka upande wa pili kama iko sambamba na mstari wa goli. Hapo pia ndio walipojifunza kwamba kichwa, kiwiliwili na miguu vinahesabiwa lakini mikono haihesabiwi, manake mtoto mmoja alikuwa amenyoosha mkono kuomba mpira na wenzake wakataka kumkamata kwa huo mkono.

La pili, nikaweka kazi mpya, mtu wa pasi. Huyu anamwangalia mpigaji peke yake na anapiga kelele "sasa!" mguu ukigusa mpira, na laisimani haruhusiwi kuangalia mpira hata kidogo, macho yake ni kwa yule mtu wa pili kutoka mwisho na anatembea naye kiubavu akipanda akishuka. Akisikia "sasa" anaipiga ile picha kichwani. Baada ya wiki tatu nikamtoa mtu wa pasi, wakawa wanasikiliza mlio wa mpira wenyewe. Siku za kusi upepo ukiwa mkali hawausikii, siku hizo namrudisha.

Kilichobaki kuwa kigumu ni kungoja. Kuwa mahali pa kuotea si kosa, mpaka auguse mpira au amzuie mpinzani. Mwanafunzi anaona straika yuko mbele anapandisha papo hapo, kumbe mpira unaenda kwa winga aliyetokea nyuma. Nikawaambia mkono ubaki chini mpaka ujue mpira ni wa nani, kisha pandisha wima, refa akipiga filimbi ndipo uonyeshe, juu kwa upande wa mbali, usawa wa bega kwa katikati, chini kwa upande wako. Na refa anyanyue mkono mmoja, kwa sababu ni frikiki isiyo ya moja kwa moja, asiushushe mpaka mpira uguswe na mwengine au utoke.

Mabishano tuliyamaliza hivi: kepteni peke yake ndiye anayeuliza, tena aanze na "refa, naomba kuelezwa", na mimi sibadilishi uamuzi wa mtoto uwanjani hata akikosea. Naandika, tukikaa chini ya mwarobaini dakika tano za mwisho tunasoma na zile karatasi za pembeni. Hiyo ya kutoingilia iliniuma mwanzo, lakini ukimbatilisha refa mara moja mbele ya wenzake, kesho hakuna atakayemsikiliza.

Yule msichana wiki iliyopita alikaa mkono chini, straika akafunga, mabeki wote wamenyoosha mikono juu wanamlilia. Akakimbia kuelekea mstari wa kati, ndiyo ishara ya goli. Karatasi 19 kati ya 24 zilikuwa zimeandika "sawa".