Bomba limepasuka saa saba usiku: maji ni ya mita au ya tangi?

Naandika hii nikiwa bado na hasira na yule mjenzi aliyetukabidhi nyumba, maana neno lake moja lilinipotezea karibu saa nzima usiku ule. Alisema "bomba likipasuka funga kwenye mita, basi". Nimelishika hilo miaka minne. Nyumba yenyewe ni ghorofa mbili juu ya chini pale Kireka, karibu na Kampala, Uganda, wapangaji sita, mimi nakaa Bweyogerere na ndiye ninayeisimamia tangu marehemu baba aniachie.

Saa saba na dakika arobaini usiku simu inalia, Mama Shamimu wa ghorofa ya pili. "Dada, maji yanaruka bafuni, yanatoka ukutani." Mtu akikupigia usiku na sauti ile, kwanza unataka kumpigia fundi. Usimpigie bado. Mi nilimuuliza kwanza kama maji yamefika kwenye umeme wowote, swichi, soketi, au ile shawa ya umeme ya kupashia maji. Akasema bafuni hapana. Nikamwambia toa watoto, usiguse shawa, nenda kwenye kisanduku cha breka pale mlangoni ikiwa unaposimama ni pakavu, ushushe meini. Kama pana maji miguuni basi usiguse, toka tu. Halafu, na hili watu wengi wanalisahau, nikampigia mpangaji wa chini yake, maana maji ya ghorofa ya pili yanashuka kwa wa kwanza na yanapenda kutokea kwenye tundu la taa. Baba Jonani aliamka akakuta taa ya korido inadondosha matone huku inawaka! Naye akazima kwake. Yule aliyelala ndiye alikuwa hatarini zaidi kuliko yule aliyepiga simu.

Umeme ukishazimwa ndipo maji. Kila nyumba ina valvu yake, nikamwambia Mama Shamimu aifunge, akazungusha, akazungusha, haishiki. Ilikuwa geti valvu ya zamani, mkono unazunguka lakini lile bamba la ndani halishuki, uzi umekwisha. Nikampigia askari wetu Mzee Okelo (nimembadilishia jina), nikamwambia kafunge kwenye mita pale getini. Akafunga. Nikakaa kitandani nasubiri neno la "yameisha".

Hayakuisha. Nikamwambia amefunga vibaya, akarudi, akaniambia mama nimefunga mpaka mwisho. Dakika zinaenda. Hapo nikaanza kupiga simu ovyo. Fundi mmoja wa mjini ambaye kila mtu anamsifu alitaka nimtumie hela ya nauli kwa simu kwanza na kazi yenyewe akataja kama laki mbili na nusu, eti atakuja na mtu wake kubomoa ukuta na kubadilisha bomba usiku huo huo. Nikajiuliza, abadilishe kwa bomba gani, maduka ya hadiwea yote yamefungwa? Na bomba zetu ni PPR, zile za plastiki za kuunganishwa kwa mashine ya moto, na PPR haiungi ikiwa inachuruzika maji, lazima mahali pa kuchomea pawe pakavu. Kwa hiyo hata angekuja angekaa akisubiri kama sisi. Nikapiga pia ile namba ya bure ya shirika la maji, NWSC, iliyoandikwa kwenye bili, dada aliyepokea alikuwa mpole kabisa, akaniuliza swali moja: maji yanatoka kabla ya mita au baada ya mita? Sikuwa na jibu la haraka, na swali lile ndilo lililonifungua akili. Kabla ya mita ni kazi yao, baada ya mita ni yangu.

Nikampigia tena Mzee Okelo. "Mulika mita kwa tochi. Kile kidude kidogo cha katikati kinazunguka?" Akasema hapana mama, kimetulia kama kimekufa. Na maji juu bado yanaruka.

Hapo nilielewa. Mita imetulia, valvu imefungwa, maji bado yanakuja, basi hayatoki barabarani, yanatoka kwenye paa! Tuna tangi la lita 5,000 juu, ambalo ndilo linalolisha nyumba zote. Kufunga mita kulizuia tangi lisijazwe tena, ni vizuri, lakini maji yaliyomo yalikuwa yanashuka kwa Mama Shamimu kama kawaida. Nilimwambia aweke dumu la lita 20 chini ya mchirizi, likajaa kwa dakika moja hivi. Hiyo ni lita 1,200 kwa saa, tangi lililojaa lingemwaga saa nne nzima ndani ya nyumba za watu. Nikipewa nafasi ya kumshauri mtu mmoja tu mwenye nyumba yenye tangi, ningempa hilo: tazama mita kabla hujapiga simu ya pili. Ukiwa hujafunga valvu yoyote, tangi lilikuwa limejaa na bomba zote za kuchotea ndani zimefungwa, lakini mita inazunguka, uvujaji uko baada ya mita, wa kwako. Mita imelala na maji yanabubujika njia ya getini upande wa barabara, piga NWSC. Mita imelala na maji yako ndani ya jengo, panda juu kwenye tangi.

Nikapanda boda. Njiani nikampigia kijana fundi anayelala pale pale senta, nyuma ya steji ya boda, si fundi mkubwa, choo na sinki ndo kazi zake, lakini yuko mwendo wa dakika tano. Usiku hutafuti fundi bora, unatafuta wa karibu mwenye spana, kwa sababu kazi ya usiku ni kuzuia tu, kutengeneza ni asubuhi.

Valvu ya kutokea tangini ilikuwa imeganda kwa kutu. Kijana akataka kuipiga na spana kubwa, nikamzuia. Geti valvu iliyoganda ukiilazimisha shina lake linakatika, na likikatika ikiwa wazi umepoteza kabisa. Akajaribu kuichezesha kidogo kidogo mbele na nyuma, haikukubali.

Sasa hapa ndo najivunia. Mama Shamimu yuko juu karibu na tangi, presha yake si kubwa, ni ya mita chache tu za kimo. Bomba la kushuka ni moja na linaendelea mpaka chini. Nikawaamsha wapangaji wa chini wote, nikasema kila mtu alete madumu, mabeseni, ndoo, kila chombo, na mfungue bomba zote za chini kwa pamoja mpaka mwisho. Maji yakaanza kukimbilia chini kwenye bomba zilizo wazi, na kule juu ule mchirizi uliokuwa unapiga ukuta wa pili ukalegea, ukawa unachuruzika tu kama machozi. Lazima ziwe bomba za chini ya pale palipopasuka, ukifungua za juu husaidii sana. Watu walijaza mpaka sufuria, hakuna aliyelalamika kuamshwa maana kesho yake maji yalikuwa yanafungwa na kila mmoja alikuwa na akiba yake.

Presha ikiwa imekufa hivyo, kijana akagonga vigae viwili, akaliona: kiungo cha kona kimeachia upande mmoja. Akachana tyubu ya zamani ya boda akapata ukanda mrefu wa upana wa vidole vitatu, akaufunga huku akiuvuta kwa nguvu, kila mzunguko unapanda juu ya nusu ya uliotangulia, akamalizia kwa waya. Tyubu hiyo isingeshika kabla hatujafungua bomba za chini, alijaribu mwanzo ikamrukia usoni.

Bado tulitaka kulifunga tangi lenyewe ili bomba likauke mpaka asubuhi. Tukafungua mfuniko, tukafunga matambara ndani ya mfuko mzito wa nailoni safi, donge kubwa kuliko mdomo wa bomba, tukalifunga kamba ndefu iliyobaki nje, tukalisukuma kwa mti mpaka kwenye tundu la kutokea maji. Maji yenyewe yanalivuta linaziba. Donge likiwa dogo litanyonywa ndani ya bomba na utakuwa na msiba mwingine, na kamba ndiyo inayokukumbusha kulitoa. Hakuna aliyeingia ndani ya tangi, hilo nililikataa kabisa.

Saa kumi na robo pakawa kimya. Kijana nikampa elfu hamsini na chai.

Asubuhi ndipo nikamwita fundi mwenye mashine, akakata bomba urefu wa kama mita moja, akaweka kiungo kipya, na akanionyesha kile cha zamani: wakati wa ujenzi hakikupashwa moto wa kutosha, plastiki ilikuwa imeshikana ukingoni tu. Alinieleza pia kwamba kwenye bomba zinazotoka barabarani usiku ndo kunapasuka sana, watu wamelala, hakuna anayechota, presha inapanda. Kwetu ilikuwa tangi, kiungo kilichoka tu. Hakuweka vigae siku hiyo, tulirudisha maji tukaacha ukuta wazi mpaka kesho yake tuone kama pana unyevu. Vyote pamoja, vigae na rangi ya dari ya Baba Jonani, vilinila kama laki nne na kitu.

Zile geti valvu nimezitoa zote. Sasa kila nyumba na tangi lina bolu valvu, ile ya mkono mmoja unaogeuza robo ya mzunguko tu, ukikaa kukingama bomba imefungwa, hata mtoto anaona. Tarehe moja kila mwezi Mzee Okelo anazifunga na kuzifungua zote zisigande, na ya tangi nimeipaka rangi nyekundu. Kwenye kibanda chake ukutani nimebandika karatasi yenye namba tatu kwa mpangilio: kijana wa senta, mimi, NWSC, na pembeni ya NWSC nimeandika kwa kalamu nene "ikiwa ni kabla ya mita".

Mwezi uliopita ile hozi fupi inayopeleka maji kwenye tangi la choo ilipasuka kwa mpangaji wa chini, saa tisa usiku. Mzee Okelo alifunga valvu ya nyumba ile akarudi kukaa. Mi niliambiwa saa mbili asubuhi, nikiwa nakunywa chai.