Misalaba ya shaba ndani ya mtaro wa fondasio: jinsi tulivyoendelea kujenga

Hapa Lubumbashi, tulipofika sentimita 70, udongo mwekundu ulionyesha doa la kijani. Kijani hicho ni kutu ya shaba. Ndani yake kulikuwa misalaba midogo ya shaba kando ya kigae cha chungu. Misalaba hiyo ilikuwa pesa ya zamani ya Katanga, na watu walizikwa nayo. Kwa hiyo chini yake huenda kuna mtu.

Nilisimamisha mtaro ule tu, pande zingine zikaendelea. Kijana mmoja alitaka kung'oa msalaba ausafishe. Nikamwambia, "Mwanangu, acha hapo hapo." Ukiung'oa, hakuna atakayejua tena ulilala mkononi mwa nani, na makaa yanayoweza kupimwa umri yanachanganyika. Tukapiga picha na rula kando, tukapima umbali kutoka vigingi viwili vya kona pamoja na kina, tukafunika kwa turubai na mchanga laini kwa sababu ya mvua. Mwenye kiwanja akapeleka taarifa kwenye Makumbusho ya Taifa. Sheria ya 1971 inadai ugunduzi kama huo uripotiwe.

Watu wa makumbusho waliamua misalaba ibaki chini. Basi msanifu akabadili ramani: nguzo mbili fupi zikasimama kwenye udongo mgumu, mita moja nje ya doa kila upande, na juu yake boriti ya beto yenye vyuma, mita 4, kimo sentimita 40. Chini ya boriti tuliacha nafasi tupu, uzito wa ukuta usiguse kaburi.