Simba wanne, mpangilio mmoja
Jana barazani kwetu Kibokoni mpwa wangu aliniuliza entropia ni nini, nami nikampa sarafu nne za shilingi kumi, zenye simba upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili, tukaorodhesha namna zote zinavyoweza kuanguka. Mipangilio ni 16, yote yenye nafasi sawa. Lakini simba wanne hupatikana kwa mpangilio 1 tu, ilhali simba wawili hupatikana kwa 6. Entropia hutokana na hesabu hiyo ya mipangilio, W, kwa kanuni S = k ln W, ambapo S ni entropia, k ni namba isiyobadilika ya Boltzmann na ln ni logi asilia; ln ya 1 ni sifuri, hivyo simba wanne wana entropia sifuri. (Kusema entropia ni “vurugu” tu, kwa maoni yangu, humchanganya mwanafunzi.) Kwa sarafu 10, simba watano wana mipangilio 252 kati ya 1,024, simba kumi bado wana 1.